Saa Moja ya Mashine Inagharimu Pesa Ngapi? Hesabu Kila Karakana Inapaswa Kuifanya

Mwisho wa wiki, mweka hazina wa kikundi cha maseremala anafungua sanduku la pesa. Mteja aliyeleta mbao zake kurandwa alilipa shilingi 200 kwa kila saa ambayo mashine ilifanya kazi. Mwendesha mashine alilipwa shilingi 100 kwa saa hiyo. Umeme ulikula shilingi 84. Zimebaki shilingi 16, na wanakikundi wanaziita faida.

Baada ya miaka michache mashine hiyo hiyo inaanza kukohoa. Mota inaungua, beringi zinapiga kelele, na fundi anasema heri kununua nyingine. Sanduku linapofunguliwa hakuna pesa za kununua hata mota. Kila mmoja anamtazama mweka hazina, lakini hakuna aliyeiba. Pesa hazikuwahi kuingia, kwa sababu bei ya shilingi 200 haikuwa imehesabu kila kitu ambacho saa moja ya mashine hugharimu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata gharama ya saa moja ya mashine moja, kwa kutumia mambo manne: uchakavu, umeme, matengenezo na bima. Mfano unaotumiwa ni wa mashine ya kuranda mbao katika karakana ya kikundi. Bei na kiasi vilivyomo ni vya mfano, ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kila kikundi kitaweka takwimu zake kutoka kwenye risiti na daftari lake.

Anza na saa zenyewe

Watu wengi huanza hesabu hii kwa kuuliza mashine ilinunuliwa kwa pesa ngapi. Swali la kwanza linapaswa kuwa lingine: kwa mwaka mmoja, mashine hii hufanya kazi saa ngapi? Gharama za mwaka mzima zitagawanywa kwa saa hizo, kwa hivyo saa zikikosewa, kila kitu kinachofuata kitakuwa na makosa.

Karakana ya mfano hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni siku 312 kwa mwaka. Ukitoa siku 12 za sikukuu na mapumziko, zinabaki siku 300. Kila siku karakana iko wazi kwa saa 8, kwa hivyo mlango huwa wazi kwa saa 2,400 kwa mwaka.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na mashine kuranda. Kuna muda wa kupanga mbao, wa kurekebisha kina cha visu, wa kubadilisha visu vilivyopoteza makali, wa kungoja umeme urudi, na wa kungoja mteja. Wakati huo wote mashine haizalishi kitu cha kuuzwa.

Njia nzuri ya kupata saa za kweli ni daftari dogo linalofungwa kwa kamba kando ya swichi. Kila mashine inapowashwa, mwendeshaji anaandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jina la kazi. Daftari liandikwe kwa angalau wiki nne, wiki mbili za kazi nyingi na wiki mbili za kazi haba, ili msimu mmoja usipotoshe picha ya mwaka mzima.

Katika mfano huu, daftari la wiki nne, yaani siku 24 za kazi, lilionyesha kwamba mashine iliranda kwa saa 96. Hiyo ni wastani wa saa 4 kwa siku. Kwa siku 300, zinakuwa saa 1,200 kwa mwaka, nusu tu ya saa ambazo mlango huwa wazi. Hizi 1,200 ndizo saa zitakazotumika katika hesabu yote.

Uchakavu: gharama isiyopiga hodi

Kampuni ya umeme hudai pesa zake, na fundi naye hudai zake. Uchakavu haudai. Mashine huzeeka kimyakimya, na siku inapokufa ndipo deni lote hujitokeza kwa mkupuo. Ndiyo maana uchakavu ndio gharama inayosahaulika zaidi.

Ili kuuhesabu, jumlisha kwanza kila kilichotumika hadi mashine ikawa tayari kwa kazi. Katika mfano, mashine ilinunuliwa kwa shilingi 300,000. Kuisafirisha na kuijengea msingi wa saruji kuligharimu 20,000. Kuvuta nyaya na kufunga swichi yake kuligharimu 20,000 nyingine. Jumla ni shilingi 340,000.

Kisha kadiria mashine itauzwa kwa pesa ngapi itakapoondolewa karakanani. Hata mashine iliyochoka ina mnunuzi, awe fundi anayetaka vipuri au mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Tuseme itauzwa kwa shilingi 40,000. Ukitoa hizo kwenye 340,000, zinabaki shilingi 300,000. Hizi ndizo pesa ambazo mashine itakuwa imezitumia katika maisha yake.

Mwisho, kadiria maisha yenyewe. Mashine mpya ya kuranda inayotunzwa vizuri na kutumiwa saa 4 kwa siku inaweza kupewa miaka 10 katika hesabu. Iliyonunuliwa ikiwa kuukuu ipewe miaka michache zaidi, kulingana na hali ambayo fundi ameikuta. Gawanya 300,000 kwa miaka 10, upate shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawanya 30,000 kwa saa 1,200, upate shilingi 25 kwa kila saa.

Hapa kuna swali linaloulizwa mara kwa mara na vikundi vilivyopokea mashine kama msaada. Je, mashine iliyotolewa bure ina uchakavu? Ndiyo. Kikundi hakikutoa pesa, lakini mashine itachakaa vilevile, na hakuna uhakika kwamba mfadhili atarudi kutoa ya pili. Chukua bei ambayo mashine kama hiyo huuzwa dukani leo, kisha ufanye hesabu ileile. Kikundi kinachoandika sifuri kwenye uchakavu kwa sababu kilipewa mashine kinauza msaada huo kwa wateja wake kidogokidogo hadi uishe.

Bima

Bima ndiyo sehemu rahisi zaidi. Chukua malipo yote ya mwaka yaliyo kwenye hati ya bima inayokinga mashine dhidi ya moto na wizi. Hesabu kiasi kilicholipwa hasa, pamoja na tozo na ushuru wa stempu ulioongezwa, na si bei ya awali iliyotajwa na wakala.

Kama hati moja inakinga karakana nzima, gawa malipo kulingana na thamani ya kila kitu. Ikiwa mashine ni thamani ya robo ya mali yote iliyokingwa, basi ibebe robo ya malipo. Katika mfano, sehemu ya mashine ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Gawanya kwa saa 1,200, upate shilingi 5 kwa saa.

Matengenezo: usitazame mwaka mmoja

Matengenezo hayaji kwa mpangilio. Mwaka mmoja ni kunoa visu na kubadilisha mkanda wa mota tu. Mwaka unaofuata mota inaungua na kusukwa upya. Anayetumia mwaka mzuri peke yake atapata gharama ndogo mno, na anayetumia mwaka mbaya peke yake atafukuza wateja kwa bei ya juu.

Dawa yake ni wastani wa miaka mitatu au zaidi. Risiti za karakana ya mfano zinaonyesha shilingi 18,000 mwaka wa kwanza, 21,000 mwaka wa pili, na 51,000 mwaka wa tatu, ambao mota ilisukwa. Jumla ni 90,000. Gawanya kwa miaka mitatu, upate wastani wa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa saa 1,200, hizo ni shilingi 25 kwa saa.

Kikundi chenye mashine mpya hakina risiti za miaka mitatu. Kiulize karakana nyingine yenye mashine ya aina hiyo ni nini huharibika na baada ya muda gani: visu vinadumu miezi mingapi, mkanda je, beringi je. Kisha kijumlishe bei za vipuri hivyo na malipo ya fundi kwa mwaka. Makadirio hayo yatarekebishwa risiti za kweli zitakapopatikana.

Umeme: pima, usikisie

Kwenye mota kuna kibati kidogo cha chuma kinachoonyesha nguvu yake. Mota ya mfano ni ya kilowati 4. Wengi huchukua namba hiyo na kusema mashine hula uniti 4 kwa saa, kwa sababu uniti moja ya umeme ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja.

Namba ya kwenye kibati inaonyesha nguvu ambayo mota inaweza kutoa ikibebeshwa mzigo wake kamili. Haionyeshi inachokula kila siku. Mashine ikiranda ubao mwembamba wa msonobari na kuondoa milimita moja, mota inakula kidogo. Ikiranda mti mgumu kwa kina kirefu, inakula zaidi. Kwa hivyo ni bora kupima.

Kupima ni rahisi. Chagua saa moja ya kazi ya kawaida. Zima taa, redio, na mashine nyingine zote zinazotumia mita hiyo. Andika namba iliyo kwenye mita, randa mbao kwa saa nzima kama siku zote, kisha andika namba tena. Mita ya tokeni huonyesha uniti zilizobaki, kwa hivyo namba itashuka. Mita ya kulipa baadaye huhesabu kwenda juu. Katika mfano, mita ya tokeni ilisoma 187.4 kabla na 184.4 baadaye. Mashine ilikula uniti 3. Rudia kipimo siku nyingine mbili au tatu, kisha uchukue wastani.

Sasa tafuta bei ya uniti. Usitumie bei ya msingi inayotangazwa peke yake, kwa sababu juu yake huongezwa gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na ushuru wa VAT. Chukua pesa zote ulizolipa na uzigawanye kwa uniti ulizopata. Kikundi cha mfano kililipa shilingi 5,600 na kupata uniti 200. Kila uniti iligharimu shilingi 28.

Uniti 3 kwa shilingi 28 ni shilingi 84 kwa saa. Kama kikundi kingetumia namba ya kwenye kibati, kingeandika shilingi 112, na mteja angelipia umeme ambao haukutumika.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Kikirudiwa baada ya miezi michache kwa kazi ileile na mashine ikala uniti nyingi kuliko mwanzo, kuna kitu kinachoisumbua. Mara nyingi ni visu vilivyopoteza makali, au beringi zilizokauka grisi. Hapo gharama ya umeme inamwonya mwenye mashine kabla mota haijaungua.

Jumla ya saa moja

Sasa sehemu zote nne ziko tayari:

Uchakavu: 30,000 ÷ 1,200 = shilingi 25
Bima: 6,000 ÷ 1,200 = shilingi 5
Matengenezo: 30,000 ÷ 1,200 = shilingi 25
Umeme: uniti 3 × 28 = shilingi 84
Gharama ya saa moja ya mashine: shilingi 139

Angalia kwamba umeme haukugawanywa kwa saa 1,200. Ulipimwa kwa saa moja moja kwa moja, kwa hivyo unaingia kama ulivyo. Gharama nyingine tatu zilikuwa za mwaka mzima, ndiyo maana ziligawanywa.

Shilingi 139 ni gharama ya mashine peke yake. Ndani yake hakuna malipo ya mwendeshaji, hakuna kodi ya nyumba, hakuna riba ya mkopo uliotumika kununua mashine, na hakuna faida. Hivyo vyote huongezwa baadaye, kila kimoja mahali pake.

Kurudi kwenye zile shilingi 200

Kikundi kilikuwa kinamtoza mteja shilingi 200 kwa saa na kumlipa mwendeshaji 100. Sasa inajulikana kwamba saa hiyo hugharimu 139 za mashine na 100 za mwendeshaji, jumla shilingi 239. Zile shilingi 16 zilizoitwa faida zilikuwa hasara ya shilingi 39 kwa kila saa, hata kabla ya kulipa kodi ya nyumba.

Mwanakikundi mmoja anaweza kusema: tutafute wateja wengi zaidi, mashine ifanye kazi saa nyingi, na gharama ya saa itapungua. Hoja hiyo ina ukweli. Uchakavu wa mfano huu na bima ni shilingi 36,000 kwa mwaka, iwe mashine imefanya kazi sana au kidogo. Kwa saa 600 tu, hizo ni shilingi 60 kwa saa. Kwa saa 1,200 ni 30. Kwa saa 1,800 ni 20. Kazi ikiongezeka, mzigo huo hugawanywa kwa saa nyingi na kila saa hubeba kidogo.

Lakini umeme na mwendeshaji havigawanyiki hivyo. Kila saa mpya inakuja na umeme wake wa shilingi 84 na mwendeshaji wake wa shilingi 100. Matengenezo nayo hufuata kazi kwa sehemu kubwa, kwa sababu visu na beringi huisha kwa kuzunguka, kwa hivyo shilingi 25 huandamana na kila saa. Jumlisha hizo tatu: 84, 100 na 25 ni shilingi 209. Saa mpya inaingiza 200 na kutoa 209. Hata mashine ikifanya kazi usiku na mchana, bei ya shilingi 200 itaongeza hasara ya shilingi 9 kwa kila saa inayoongezeka.

Hapo ndipo hesabu hii inapomlinda mwenye mashine. Kama bei ingekuwa juu ya 209 lakini chini ya 239, wateja wengi zaidi wangesaidia kufunika pengo. Bei ikiwa chini ya 209, wateja wengi zaidi ni maangamizi ya haraka zaidi. Kikundi hiki kinapaswa kupandisha bei, na kiwango cha chini kabisa cha kuanzia mazungumzo ni shilingi 239. Juu yake kiongeze sehemu ya kodi ya nyumba na faida.

Kosa la saa za mlango

Sasa tazama kinachotokea mweka hazina akitumia saa 2,400 za mlango kuwa wazi badala ya saa 1,200 za mashine kuranda. Uchakavu unakuwa shilingi 12.50, bima 2.50, na matengenezo 12.50. Ukiongeza umeme wa 84, jumla ni shilingi 111.50. Gharama imeshuka kwa shilingi 27.50 kwenye karatasi, na bei inaonekana nzuri kwa mteja.

Lakini mashine itaranda saa 1,200 tu, kwa hivyo mteja atalipia saa 1,200 tu. Kila saa inakosa shilingi 27.50. Kwa mwaka mzima pengo ni shilingi 33,000. Kwa miaka 10 ambayo mashine inatarajiwa kuishi, pengo ni shilingi 330,000. Hiyo inapita bei ambayo mashine ilinunuliwa. Kikundi kitakuwa kimepoteza mashine nzima ndani ya kosa moja la kugawanya, bila mtu yeyote kuona pesa zikitoka.

Kutumia gharama hii katika zabuni

Serikali hutenga asilimia 30 ya nafasi za zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Vikundi vingi vya useremala huomba kazi kama viti na meza za watoto wa chekechea. Anayeandika bei kwa kukisia huingia katika hatari mbili: kuandika bei ya juu na kukosa kazi, au kuandika bei ya chini, kupata kazi, na kulazimika kuimaliza kwa hasara.

Tuseme zabuni ni ya meza 50. Kikundi kitengeneze kwanza mbao za meza 5 na kupima muda wa mashine. Meza 5 zikichukua dakika 100, kila meza inachukua dakika 20. Dakika 20 ni theluthi moja ya saa, na theluthi ya shilingi 139 ni shilingi 46 na senti 33. Kwa meza 50, mashine itafanya kazi kwa saa 16 na dakika 40, na gharama yake ni karibu shilingi 2,317.

Kiasi hicho kinaandikwa kwenye bei kama sehemu ya mashine. Mbao, gundi, misumari, rangi, mishahara, usafiri na faida huandikwa kando. Hapa inafaa kuwa makini na jambo moja: umeme wa mashine ya kuranda tayari umo ndani ya zile shilingi 139. Anayeweka tena bili nzima ya umeme chini ya gharama nyinginezo atakuwa amemtoza mteja umeme uleule mara mbili, na bei yake inaweza kushindwa kwa sababu hiyo tu. Kinachobaki kuongezwa ni umeme wa taa na wa mashine zisizo kwenye hesabu hii.

Kama kazi inapitia mashine mbili, kwa mfano msumeno wa umeme na mashine ya kuranda, kila mashine iwe na gharama yake ya saa. Mashine ghali na mashine rahisi zikichanganywa kwa wastani mmoja, kazi inayotumia sana ile rahisi itabebeshwa mzigo usio wake.

Kukagua mwisho wa mwaka

Gharama ya shilingi 139 ilitokana na makadirio, na mwaka unapoisha ni lazima ipimwe dhidi ya kilichotokea. Tuseme kazi ilipungua, na daftari linaonyesha kwamba mashine iliranda saa 1,000 badala ya 1,200. Kwa shilingi 139, kazi zote zilibebeshwa jumla ya shilingi 139,000.

Gharama za kweli ziliendaje? Uchakavu ni 30,000 na bima 6,000, kama kawaida. Risiti za matengenezo zinafika 27,000. Umeme wa saa 1,000 ni 84,000. Jumla ni shilingi 147,000. Kuna pengo la shilingi 8,000.

Usiishie kwenye pengo, tafuta lilikotoka. Uchakavu na bima vilihitaji 36,000, lakini saa 1,000 kwa shilingi 30 zilileta 30,000 tu. Hapo zimekosekana 6,000 kwa sababu ya saa chache. Matengenezo yalikuwa 27,000, ilhali saa 1,000 kwa shilingi 25 zilileta 25,000. Hapo zimekosekana 2,000. Kama kupungua kwa kazi kulitokana na mwaka mmoja mbaya, gharama ya saa inaweza kubaki ilivyo. Kama kumekuwa hali ya kawaida, saa za mwaka ujao zipunguzwe kwenye hesabu, na gharama mpya itokane na hizo.

Bei ya umeme ikaguliwe mapema zaidi, kwa sababu nyongeza zinazobandikwa juu ya bei ya msingi hubadilika mwezi hadi mwezi. Katika mfano huu umeme ni zaidi ya nusu ya gharama ya saa. Uniti ikipanda kutoka shilingi 28 hadi 31, saa moja ya mashine inapanda kwa shilingi 9.

Pesa za uchakavu ziwekwe wapi?

Mteja akishalipa bei iliyo sawa, zile shilingi 25 za uchakavu zinaingia sandukuni pamoja na pesa nyingine. Hakuna anayezidai, kwa hivyo ni rahisi kuzigawana mwisho wa mwaka zikidhaniwa kuwa faida. Njia salama ni kuzitenga kila mwezi katika akaunti yake, kwa mfano kwenye chama cha akiba na mikopo. Tazama daftari la saa: mashine ikiwa imeranda saa 100 mwezi huo, zitengwe shilingi 2,500.

Hesabu hii ina mpaka wake. Akiba hiyo, pamoja na shilingi 40,000 za kuuza mashine kuukuu, itarudisha shilingi 340,000 zilizotumika mwanzoni. Kama bei ya mashine itakuwa imepanda dukani, akiba haitatosha yenyewe. Kwa sababu hiyo, kila baada ya miaka miwili au mitatu, kikundi kiulize bei ya mashine mpya na kurekebisha uchakavu kulingana na bei hiyo.

Kwa kuanza, karakana inahitaji vitu vitatu tu: daftari kando ya swichi, bahasha ya risiti za matengenezo na bima, na kipimo cha mita cha saa moja. Baada ya wiki nne, mweka hazina atakuwa na anachohitaji ili kujua kama pesa zilizo sandukuni ni faida, au ni mashine yenyewe inayouzwa vipande vipande.